Wanandoa Wanapofariki Pamoja: Mirathi ya Nani Hutangulia?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wetu, akina mama, na ndugu mliovuka kutoka Matondoni, Shela, Manda na Mokowe, nawashukuru kwa kuniruhusu niseme mbele yenu hapa Lamu. Nimetakiwa kuzungumza juu ya mirathi, lakini mlango huo ni mpana na usiku ni mfupi, kwa hiyo nimechagua suala moja ambalo mimi, kama wakili wa kesi za mirathi, huulizwa mara nyingi, na kila linapoulizwa huwa kuna familia mbili zilizokwisha kununiana. Suala lenyewe ni hili: mume na mke wamesafiri pamoja, iwe kwa mashua au kwa gari katika barabara ya Garsen, ajali ikatokea, na wote wawili wakafariki. Je, mume amemrithi mke, au mke amemrithi mume, au hapana aliyemrithi mwenziwe?

Wengi hudhani kuwa jambo hili ni la kihesabu tu na kwamba mwisho wake mali itarudi kwa watu walewale. Haiwi hivyo. Saa moja ya uhai wa mtu aliyelala hajitambui inaweza kuhamisha nyumba nzima kutoka ukoo mmoja kwenda ukoo mwingine, na nitawaonyesha hilo kwa hesabu hapa mbele yenu. Kabla ya hesabu, tuiweke wazi kanuni.

Katika mirathi ya Kiislamu, mtu harithi kwa kuwa ni mke au ni mwana pekee. Harithi mpaka ithibitike kwamba alikuwa hai wakati yule wa kurithiwa alipokata roho, ijapokuwa uhai wake ulikuwa wa pumzi chache. Sharti hilo linataka yakini, wala dhana haitoshi. Ndiyo sababu wanazuoni wa faraidhi wakaweka mlango maalumu wa waliozama, walioangukiwa na jengo na walioungua moto, kwa maana watu hao hufa pamoja na hapana ajuaye nani alitangulia. Suala hili si geni. Lilijitokeza tangu zama za masahaba, katika vita vya Yamama, na katika tauni ya Amwasi iliyoangamiza watu wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Hukumu iliyopokewa kutoka kwa sahaba Zayd bin Thabit, na ambayo madhehebu ya Shafi tunayoyafuata katika pwani hii yameishika pamoja na ya Maliki na Hanafi, ni kwamba watu wa namna hiyo hawarithiani. Kila mmoja mali yake huenda kwa warithi wake walio hai, kana kwamba yule mwenziwe hakuwepo kabisa. Madhehebu ya Hanbali yana kauli mashuhuri iliyo tofauti, inayompa kila mmoja fungu katika mali ya asili ya mwenziwe, lakini bila ya kugusa kile ambacho mwenziwe alikirithi kutoka kwake. Naitaja kauli hiyo kwa sababu siku hizi kuna vijana wanaoisoma kwenye simu na kuileta mahakamani, na ni vizuri mjue kwamba si kauli ya madhehebu yetu.

Mafakihi wetu wameyagawa mambo haya katika hali tano, na mgawanyo huo una manufaa makubwa kwa sababu familia nyingi hugombana bila kujua ziko katika hali ipi. Ikijulikana kwa yakini kwamba wawili wamekufa kwa wakati mmoja, hawarithiani. Ikijulikana nani alitangulia na nani alifuata, aliyefuata humrithi aliyetangulia, na hapo ndipo swali la mirathi ya nani hutangulia linapokuwa na jawabu: hugawanywa kwanza mali ya aliyetangulia, fungu la aliyefuata likaongezwa katika mali yake, kisha nayo ikagawanywa kwa warithi wake mwenyewe. Ikijulikana kwamba mmoja alitangulia lakini haijulikani ni yupi, hawarithiani. Isipojulikana lolote, vilevile hawarithiani. Hali ya tano ndiyo ngumu, nayo ni pale ilipojulikana nani alitangulia, kisha ikasahauliwa. Nitairudia mwishoni.

Sasa tuchukue mfano, na tafadhali yeyote asimtafute jirani yake ndani yake, maana ni mfano wa kubuni. Mume ana nyumba Langoni na mashua ya kuvulia, na jumla ya mali yake ni shilingi 5,000,000. Mke ana dhahabu zake na kipande cha shamba Hindi, jumla shilingi 1,000,000. Hawana watoto. Mume ameacha mama yake na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Mke ameacha baba yake tu. Mashua imepinduka, na maiti zote mbili zimeopolewa asubuhi.

Kabla ya kugawa chochote kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Mume alipooa alitoa nusu ya mahari, na shilingi 200,000 zikabaki juu yake. Mke hakuzidai, kama ilivyo ada ya wanawake wengi wa kwetu, lakini kutodai si kusamehe. Mahari yaliyobaki ni deni katika mali ya mume, na deni hulipwa kabla ya mirathi, baada ya gharama za mazishi. Deni hili halitegemei nani alikufa kwanza. Hata wakiwa wamekufa pamoja na hawarithiani, baba wa mke ana haki ya kuzitaka zile 200,000 kwa niaba ya mali ya bintiye. Nimeona familia ya mume ikikataa kwa hoja kwamba wanandoa hawa hawarithiani, na hoja hiyo haisimami, kwa sababu hapa hatuzungumzii urithi bali deni. Kwa hiyo mali ya mume ya kugawanywa inakuwa 4,800,000, na ya mke inakuwa 1,200,000. Nimeziacha gharama za mazishi ili hesabu isitusumbue.

Tuanze na hali ya kutojulikana. Katika mali ya mume, mke hahesabiwi. Mama hupata thuluthi, kwa kuwa hapana mtoto na ndugu ni mmoja tu. Wangekuwa ndugu wawili au zaidi, angeshuka mpaka sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Thuluthi ya 4,800,000 ni 1,600,000, na zilizobaki 3,200,000 huchukua ndugu kwa uasaba, yaani kama jamaa wa upande wa baba achukuaye kinachosalia baada ya wenye mafungu. Katika mali ya mke, mume hahesabiwi, na baba yake huchukua zote 1,200,000.

Sasa tuseme wavuvi walimkuta mke bado anapumua, wakampandisha mashuani kwao, akafariki kabla ya kufika gatini, na mume alikuwa ameshathibitika kuwa maiti. Hapo mke ni mrithi. Kwa kuwa hakuna mtoto, fungu lake katika mali ya mume ni robo, yaani 1,200,000. Mama wa mume hubaki na thuluthi yake ya 1,600,000, na ndugu wa mume huambulia 2,000,000. Kisha tunaifungua mirathi ya mke, ambayo sasa ni 2,400,000, na baba yake anaichukua yote.

Tugeuze. Mume ndiye aliyeishi ile saa, na mke alikuwa ameshatangulia. Mume hupata nusu ya mali ya mkewe, yaani 600,000, na baba wa mke hubaki na 600,000. Mali ya mume inapanda hadi 5,400,000, mama yake akapata 1,800,000 na ndugu yake 3,600,000.

Mnaiona tofauti. Baba yule yule, aliyefiwa na binti yule yule, anaweza kupata 600,000, au 1,200,000, au 2,400,000, na kinachoamua ni jambo lililotukia baharini ambalo yeye hakuliona. Si ajabu basi kwamba ugomvi huu huwa mkali hata kati ya watu wema. Nami, kwa maoni yangu, naona kauli ya madhehebu yetu ni ya rehema hapa, kwa kuwa pale ambapo hapana ushahidi, inamrudishia kila ukoo mali iliyotoka kwake, na haimpi mtu utajiri kwa kubahatisha.

Mtaniuliza, na kama wana mtoto? Mtoto akiwa hai na mzima, tofauti hupungua sana. Tuseme wameacha mwana mmoja wa kiume. Wasiporithiana, baba wa mke hupata sudusi ya 1,200,000, yaani 200,000, na mjukuu wake huchukua zilizobaki. Ikithibitika kuwa mke aliishi baada ya mume, fungu lake ni thumuni ya 4,800,000, yaani 600,000, mali yake ikawa 1,800,000, na sudusi ya baba yake ikawa 300,000. Tofauti ni 100,000 tu, na nyingine zote, ukiondoa sudusi ya mama wa mume, ni za mtoto kwa njia moja au nyingine. Ndugu wa mume hapati kitu, amezuiwa na mwana.

Lakini mtoto yule akiwa alikuwemo katika safari, mambo hugeuka tena, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Tuseme wazazi wamekufa pamoja na haijulikani nani alitangulia, na mtoto ametolewa hai, akapelekwa hospitali, akafariki kesho yake. Mtoto huyu amewarithi wazazi wote wawili. Katika mali ya baba yake, bibi yake mzaa baba alipata sudusi, 800,000, na mtoto 4,000,000. Katika mali ya mama yake, babu yake mzaa mama alipata 200,000, na mtoto 1,000,000. Kwa hiyo mtoto alikufa akiwa na mali ya 5,000,000, na mirathi yake nayo lazima ifunguliwe. Ni nani warithi wake? Bibi mzaa baba ana sudusi, takriban 833,333. Ami yake, ndugu wa baba yake, ni asaba, naye huchukua zilizobaki, takriban 4,166,667. Babu mzaa mama si miongoni mwa wenye mafungu wala si asaba, kwa hiyo maadamu yupo ami, hapati kitu katika mali ya mjukuu wake.

Hesabuni: baba wa mke ambaye angepata 1,200,000 kama mtoto naye angefariki pamoja na wazazi wake, sasa amebaki na 200,000, na dhahabu za bintiye karibu zote zimekwenda kwa ukoo wa mume. Hiyo si dhuluma ya mtu, ndiyo faraidhi ilivyo kwa mpangilio huo wa vifo. Lakini mnaelewa kwa nini swali la iwapo mtoto alikufa baharini au wodini lina uzito kuliko hata swali la wazazi wake.

Sheria ya nchi inasemaje? Waislamu hatumo ndani ya kanuni za ugawaji za Sheria ya Mirathi, Sura ya 160. Kifungu cha 2(3) kinasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu itafuata sheria ya Kiislamu, na ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inampa Kadhi mamlaka juu ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Jirani zetu wasio Waislamu, hapa na kule Malindi, hufuata kifungu cha 43 cha sheria hiyo. Kifungu hicho kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakifa na isijulikane nani alibaki nyuma ya mwenziwe, watahesabiwa kuwa wamekufa kwa kufuata umri, mkubwa kwanza na mdogo baadaye. Ni kanuni iliyokuwemo pia katika sheria ya mali ya Uingereza ya mwaka 1925. Lakini sheria yetu ya Kenya ikaweka nyongeza kwamba mume na mke watahesabiwa kuwa wamekufa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kwa upande wa wanandoa wenyewe, Kadhi wa Lamu na jaji wa Malindi hufika karibu mahali pamoja: hawarithiani. Wanapoachana ni kwa mzazi na mtoto. Kwa Kadhi, mama na mtoto waliozama pamoja bila kujulikana aliyetangulia hawarithiani. Kwa jaji anayetumia kifungu cha 43, mtoto huhesabiwa kuwa amebaki nyuma ya mama yake kwa kuwa ni mdogo, basi amemrithi. Nimekutana na watu waliosikia kanuni ya umri kutoka kwa rafiki asiye Mwislamu wakaileta kwa Kadhi, wakidai kwamba mume alikuwa na miaka sitini na mke thelathini, hivyo mume ametangulia. Kanuni hiyo haitumiki kwa Mwislamu, na hata kwa asiye Mwislamu haitumiki kati ya mume na mke.

Basi ushahidi ni nini? Kwanza niseme ambacho si ushahidi. Kusema kwamba marehemu alikuwa hodari wa kuogelea, au kwamba mwanamke alikuwa na pumu, au kwamba upande wa dereva ndio uliogongwa, yote hayo ni dhana. Yanaweza kumpa daktari pa kuanzia, lakini peke yake hayafikii yakini. Cheti cha kifo nacho mara nyingi hakisaidii, kwa sababu huonyesha tarehe, na vyeti viwili vya tarehe moja havisemi nani alitangulia. Kibaya zaidi ni pale jamaa wanapokwenda kuandikisha vifo na karani akaandika kile alichoambiwa, kisha karatasi ile ikaletwa kama hoja. Karatasi haina nguvu kuliko mdomo ulioisema.

Ushahidi wenye uzito ni wa mtu aliyeona au aliyepima. Mvuvi aliyemsikia mmoja akitoa shahada hali mwenziwe yuko mbele yake amekwisha kukauka, huyo ni shahidi. Muuguzi aliyempokea mmoja akiwa na mapigo ya moyo, na daftari la wodi likaonyesha saa ya kupokelewa na saa ya kufariki, hali mwenziwe ameandikwa kuwa aliletwa akiwa maiti, huo ni ushahidi mzito sana. Lakini tahadharini na kosa moja: kuandikwa saa nne kuwa mtu aliletwa akiwa maiti hakumaanishi kwamba alikufa saa nne. Ni saa aliyopokelewa tu. Wawili wakiletwa maiti kwa saa tofauti, bado hatujui lolote juu ya nani alitangulia. Wala msihofu kwamba muuguzi si Mwislamu au ni mwanamke. Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11, kifungu cha 6, inataka mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia. Mwenye kudai kwamba mtu wake aliishi zaidi ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Akishindwa, tunarudi kwenye asili, nayo ni kutorithiana.

Kwa kuwa sisi huzika upesi, ushahidi huu hupotea upesi. Wale mabaharia huondoka na msimu, na muuguzi huhamishwa. Nashauri kwamba katika siku zile za matanga, mtu mmoja mwenye utulivu kutoka kila upande, wakiwa pamoja, wawaendee waliokuwepo na kuandika maneno yao, kwa tarehe, jina na sahihi. Si kwa kushtakiana. Maneno yaliyoandikwa siku ya tatu mbele ya pande zote mbili ni vigumu kuyageuza mwaka wa pili.

Kisha mirathi zifunguliwe mbili, katika faili mbili, hata kama mali ilikuwa katika nyumba moja. Nimeona ombi moja limeletwa kwa jina la marehemu wawili, na orodha moja ya mali iliyochanganya mashua ya mume na bangili za mke, na hapo Kadhi hana njia ila kulirudisha. Vitu vya pamoja, kama nyumba waliyoijenga kwa michango ya wote wawili, lazima kwanza ijulikane kila mmoja alikuwa na kiasi gani. Fidia ya ajali nayo itazamwe mbali: madai yanayofunguliwa kwa faida ya waliokuwa wakimtegemea marehemu, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, ni ya wategemezi hao, na hayaingii katika mali ya kugawanywa kwa faraidhi, ilhali madai ya mali ya marehemu mwenyewe huingia.

Nimebakisha hali ya tano, ile ambayo ilijulikana kisha ikasahauliwa. Mfano wake ni baharia aliyesema siku ya mazishi, mbele ya watu, kwamba mmoja alimfia mikononi baada ya mwenziwe, na baada ya miaka mitatu, kesi ilipofika, yeye mwenyewe hakumbuki ni yupi, na waliomsikia wametofautiana. Hapa madhehebu yetu hayasemi moja kwa moja kwamba hawarithiani. Kile kinachogombewa husimamishwa, kwa sababu kumbukumbu inaweza kurejea. Katika mfano wetu, kile ambacho hakibadiliki kwa vyovyote kinaweza kutolewa sasa: baba wa mke ana 600,000 zake katika kila hali, mama wa mume ana 1,600,000, na ndugu wa mume ana 2,000,000. Jumla ni 4,200,000, na zilizobaki 1,800,000 ndizo husubiri, au warithi wakae chini na kusuluhishana juu yake. Sulhu hiyo ni halali kwa watu wazima wenye akili timamu, kila mmoja akijua anaacha nini. Lakini akiwemo mtoto mdogo miongoni mwa warithi, walii wake hana ruhusa ya kumpunguzia haki yake ili amani ipatikane, na makubaliano ya namna hiyo yapelekwe kwa Kadhi kwanza, kabla hayajatiwa sahihi.